Mwashi wa Dameski na nyuzi za wanavyuoni

Mwaka 706 wa Hijria, yaani 1306 au 1307 kwa Miladia, mzee mmoja wa Dameski aligeuka ghafla kuwa mtu wa kutafutwa. Jina lake Ahmad, lakini watu walimwita Hajjar, maana kazi yake ilikuwa mawe. Kwa miaka 27 alikuwa mkuu wa waashi, na alipoishiwa nguvu za kubeba mawe akashika sindano, akawa anashona nguo. Hakuwa sheikh mwenye darsa, wala hakutunga kitabu.

Kilichombadilishia maisha ni karatasi za zamani. Wasomi wa hadithi waliliona jina lake katika orodha ya watu waliohudhuria kisomo kimoja cha Sahihi ya Bukhari, kilichofanyika katika mlima Qasiyun, pembeni mwa Dameski, mwaka 630. Aliyesomewa kitabu siku zile alikuwa Ibn al-Zabidi, aliyefariki mwaka uliofuata. Hesabu ilikuwa nyepesi na ya kushangaza: miaka 76 ilikuwa imepita, na mtoto mmoja wa kisomo kile bado alikuwa hai, anatunga uzi sindanoni.

Tangu hapo Hajjar hakupumzika. Alisomewa Sahihi Dameski, Kairo, Hama, Baalbek na kwingineko. Sultani wa Misri, al-Nasir Muhammad, alimsikiliza na kumvisha joho kwa mkono wake mwenyewe. Mwanahistoria Ibn Kathir, aliyekuwa kijana siku hizo, alihudhuria mbele yake katika msikiti mkuu wa Dameski tarehe 9 Safar mwaka 730, na akaandika kwamba mzee huyo alikuwa ametimiza miaka mia na zaidi bila shaka yoyote: alisikia kitabu mwaka 630, naye anakisikilizisha mwaka 730. Siku 16 baadaye Hajjar akafariki.

Habari hizi zimetufikia kwa sababu ya aina moja ya vitabu ambayo Waislamu wa zamani waliiandika kwa wingi wa ajabu: kamusi za wasifu. Kwa Kiarabu ziliitwa tabaqat zilipopangwa kwa matabaka ya vizazi, au tarajim kwa jina la jumla. Ibn Saad wa Baghdadi, aliyefariki 845, aliwapanga masahaba na waliowafuata. Khatib al-Baghdadi, aliyefariki 1071, aliandika historia ya mji wa Baghdadi ambayo kwa hakika ni wasifu wa watu zaidi ya 7,800 waliozaliwa humo, waliohamia au waliopita. Baadaye ukaja mtindo wa kuchukua karne nzima: Ibn Hajar wa Kairo akawaandika watu mashuhuri wa karne ya nane ya Hijria, na mwanafunzi wake Sakhawi akawaandika wa karne ya tisa, na juzuu yake ya 12 yote akaiweka kwa wanawake, zaidi ya 1,000.

Anayefungua kamusi hizi kwa mara ya kwanza akitarajia hadithi za maisha huenda akavunjika moyo. Maingizo mengi ni makavu. Kwanza jina lenyewe, lenye kukokota baba na babu hadi vizazi vitano sita, kisha mji, madhehebu na kazi. Baadaye inafuata orodha: alisikia kwa fulani na fulani, na fulani na fulani walipokea kwake. Kama mtu alisafiri, miji inatajwa. Kama alitunga vitabu, vinatajwa. Mwisho ni tarehe ya kufa, mara nyingi pamoja na mwezi na siku, na makaburi alikozikwa. Tarehe ya kuzaliwa mara nyingi haipo au ni ya kukisia, jambo ambalo halipaswi kumshangaza msomaji wa Afrika Mashariki: hata kwetu wazee wengi walizaliwa mwaka wa njaa fulani au wa vita fulani, lakini siku waliyokufa kila mtu aliijua.

Umri wa Hajjar wenyewe ulikadiriwa hivyo hivyo. Ilisimuliwa kwamba alikumbuka watu wakisema mtawala al-Muazzam amekufa. Kifo hicho kilikuwa mwaka 624, na kutokana na kumbukumbu moja ya mtoto wasomi wakapata wapi pa kuanzia kuhesabu.

Katika ingizo kavu namna hiyo, kitu cha thamani kwa mwanahistoria wa leo ni vitenzi. Kiswahili kingeweza kuvifunika vyote kwa neno "alisoma", lakini waandishi wa kamusi hawakuvichanganya. Mtu "alisikia" kwa sheikh, maana yake alikaa katika kisomo ambamo kitabu kilisomwa kwa sauti na jina lake likaandikwa. "Alisoma mbele yake" ni yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisoma na sheikh akisikiliza. "Alijifunza fiqhi kwake" ni jambo jingine kabisa, miaka ya kukaa na mwalimu, kuuliza na kubishana. "Aliandamana naye" ni zaidi ya hapo: alimfuata sheikh darsani na njiani mpaka akajua hata anavyocheka. Halafu kuna "alimpa ijaza", yaani ruhusa ya kupokeza, ambayo iliweza kutolewa kwa barua, kwa mtu ambaye sheikh hajawahi kumtia machoni, na hata kwa mtoto anayenyonya ambaye baba yake alimwombea mapema.

Kila kitenzi ni uzi wa namna yake kati ya watu wawili. Mtafiti akikusanya nyuzi elfu kumi kutoka katika kamusi moja na kuziingiza katika kompyuta, programu itamchorea mtandao mzuri wa nukta na mistari. Tatizo ni kwamba programu haijui tofauti ya kusikia na kuandamana asipoiambia. Akihesabu mistari tu, nukta nene kuliko zote katika Dameski ya karne ile inaweza kuwa mwashi wetu, na wanavyuoni wakubwa wa fiqhi wakaonekana vinukta pembeni yake.

Ili kuona kinachoendelea, inafaa kuufuata uzi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa bahati nzuri uzi wa Hajjar unajulikana vizuri. Unaanza kwa Bukhari mwenyewe, aliyefariki mwaka 256 wa Hijria. Sahihi yake ilipokewa na Firabri, aliyefariki 320. Kwa Firabri akapokea Sarakhsi, aliyefariki 381, na kwa huyo akapokea Dawudi, aliyefariki 467. Kwa Dawudi akapokea Abul-Wakti wa Herat, aliyefariki Baghdadi mwaka 553. Kwa Abul-Wakti akapokea Ibn al-Zabidi, aliyefariki 631. Kwake akapokea Hajjar, aliyefariki 730. Na miongoni mwa watoto waliopelekwa mbele ya Hajjar alikuwamo msichana mmoja wa Dameski, Aisha binti Muhammad wa ukoo wa Abd al-Hadi, aliyezaliwa 723 na kuletwa akiwa katika mwaka wake wa nne. Aisha alifariki 816.

Sasa chukua karatasi na kalamu. Toka kifo cha Bukhari hadi kifo cha Aisha ni miaka 560 ya Hijria, na kuna hatua saba tu. Gawa, unapata miaka 80 kwa kila hatua. Hebu linganisha na ukoo wa kawaida: baba na mtoto hutofautiana miaka 25 au 30, na vifo vyao hutofautiana takriban hivyo hivyo. Kwa kipimo hicho, miaka 560 ingehitaji vizazi 18 au zaidi. Hapa saba wametosha.

Msomaji mwenye shaka ataona kwamba jambo hili halikaribii kuwa la kawaida, na ana haki. Mwalimu na mwanafunzi wa kawaida hawapishani miaka 80 makaburini. Maelezo ni moja tu: katika hatua nyingi mpokezi alikuwa mtoto na mpokezaji alikuwa mzee sana, na mtoto huyo naye akajaliwa kuishi hadi uzeeni. Nyuzi nyingine zote, za waliokufa wakiwa vijana au waliosikia wakiwa watu wazima, zilikatika mapema au zilihitaji viungo zaidi.

Wala haikuwa bahati peke yake. Wasomi wa hadithi walithamini isnadi fupi, waliyoiita "ya juu", kwa sababu kadiri midomo inavyopungua kati yako na chanzo ndivyo nafasi za kukosea zinavyopungua. Kwa hiyo familia za wasomi ziliwekeza kwa watoto wao. Mzee wa miaka 90 akisikika yuko mji fulani, mtoto wa miaka mitano au sita alibebwa akasikie, hata kama hakuelewa neno. Miaka 70 baadaye, Mungu akipenda, mtoto huyo ndiye angekuwa mzee wa kutafutwa.

Abul-Wakti mwenyewe alisimulia jinsi ilivyokuwa kwake, na Dhahabi ameihifadhi simulizi hiyo katika kamusi yake kubwa ya wasifu. Mwaka 465, akiwa na umri wa miaka saba hivi, baba yake alimtoa Herat akampeleka kwa miguu hadi Bushanj alikokuwa Dawudi. Njiani baba alimpa mawe mawili ayashike mikononi. Mtoto akawa anatembea huku ameyashika kwa kumwogopa baba. Alipoonekana amechoka, baba akamwambia atupe moja. Mzigo ukapungua, akaendelea. Alipochoka tena akaambiwa atupe la pili. Ni pale tu miguu ilipokataa kabisa ndipo baba alipombeba. Miaka miwili baada ya safari hiyo Dawudi alifariki, na miaka 88 baada yake, mzee Abul-Wakti alikuwa bado anaisomesha Sahihi ile ile, safari hii Baghdadi.

Mtu aliyeonyesha kwamba habari za namna hii si visa vya watu wachache ni mwanahistoria Mmarekani Richard Bulliet. Mji aliouchagua ulikuwa Nishapur, kaskazini mashariki mwa Irani, ambao katika karne ya 10 na ya 11 ulikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya elimu na baadaye ukaangamizwa na Wamongoli. Kamusi za wasifu za mji huo zilinusurika kwa vipande na mihtasari, na nakala zake za picha zilichapishwa mwaka 1965. Bulliet alizitumia katika kitabu chake cha 1972 kuchora koo zilizoshika ukadhi, madrasa na minbari, na nani alioa kwa nani. Lakini makala yake ya 1983 ndiyo inayohusu habari yetu. Alichukua tarehe za kuzaliwa na kufa, akazipanga walimu kwa wanafunzi, akaona sura moja ikijirudia: wanafunzi walianza kusikia hadithi wakiwa wadogo mno, na wapokezaji walianza kutafutwa wakiwa wamezeeka. Kati ya utoto na uzee kulikuwa na miaka mingi ambayo mtu aliijaza kwa biashara, kilimo, hukumu au, kama Hajjar, kwa kupasua mawe.

Ndiyo maana pengo kati ya vifo viwili ni chombo kizuri cha kazi. Ni rahisi kulipata, maana tarehe za kufa ndizo kamusi zilizoshika vizuri kuliko zote. Pengo la miaka 70 au 80 linamwonya mtafiti kwamba anachokiona ni uzi wa upokezi: kitabu kimepita hapa, lakini si lazima fikra zimepita. Pengo la miaka 20 au 30 linafanana na ualimu wa kawaida, wa mtu mzima na kijana. Na pengo lisilozidi miaka michache linaashiria watu wa rika moja waliosoma pamoja au kwa zamu. Si sheria, kwa sababu mwanafunzi anaweza kufa kijana, lakini mtafiti asiyeliangalia atajikuta amemfanya mwashi kuwa mwalimu wa kizazi kizima cha Dameski.

Wenyewe waliijua tofauti hiyo. Ibn Hajar, aliyekuja kuwa bingwa wa hadithi wa zama zake na kufariki mwaka 852, alifika Dameski mwaka 802, miezi michache kabla ya mji kuvamiwa na Timur, akasoma vitabu vingi mbele ya Aisha, ambaye wakati huo alikuwa bibi wa karibu miaka 80. Baadaye aliandika kamusi ya mashekhe wake mwenyewe, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwagawa mafungu mawili: wale aliopokea kwao kwa njia ya upokezi, na wale aliochukua kwao elimu kwa njia ya ufahamu. Watafiti wa leo wanaohangaika kuzipa nyuzi uzito tofauti katika kompyuta wanafanya kazi ambayo Ibn Hajar aliimaliza kwa wino zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Ni yeye pia aliyeona sadfa ya kupendeza. Mwanamke wa mwisho kupokeza kutoka kwa Ibn al-Zabidi, Sitt al-Wuzara, alifariki mwaka 716. Aisha, wa mwisho kupokeza kutoka kwa Hajjar, alifariki 816. Miaka mia kamili. Wanawake wengi katika minyororo hii wanaonekana pale pale palipohitajika umri mrefu na kumbukumbu safi, na watafiti waliochunguza habari zao wanakubaliana kwamba upokezi ulikuwa mlango mpana kwao kuliko ukadhi au umudarisi wa fiqhi.

Hata hivyo lingekuwa kosa kudhani kwamba kila mpokezi alikuwa chombo tu cha kupitishia. Karima wa Marw, aliyeishi Makka na kufariki kati ya 463 na 465 wa Hijria, alikuwa na Sahihi kupitia watu wawili tu: Kushmihani, na kabla yake Firabri. Khatib al-Baghdadi, yule wa watu 7,800, alipokwenda hija aliisoma yote kwake kwa siku tano. Kamusi ya Dhahabi inahifadhi habari ya mgeni mmoja aliyepewa na Karima nakala yake anakili. Akaandika kurasa saba, akataka kwenda kuzilinganisha na asili peke yake. Karima akakataa: mpaka walinganishe pamoja, yeye akiwapo. Huyo si bibi aliyekalishwa kitako ili wengine wapate isnadi fupi. Ni mhariri anayejua nakala zinavyoharibika.

Tarehe yake ya kufa, kama ilivyoonekana, ina utata wa miaka miwili, na hapo tunafika kwenye udhaifu wa vyanzo hivi. Dhahabi aliziona tarehe zote mbili, akaamua ya 463 ndiyo sahihi. Kuhusu Hajjar, Ibn Kathir anasema alisomewa Sahihi kama mara 60, Ibn Hajar anasema zaidi ya 70. Tofauti hiyo haimsumbui mtu. Hatari kubwa zaidi ni pale kamusi tatu zinapokubaliana neno kwa neno, kwa sababu mara nyingi ni moja iliyosema na mbili zilizonakili. Mashahidi watatu walioambiana kabla ya kuingia mahakamani ni shahidi mmoja.

Halafu kuna majina. Mji mmoja unaweza kuwa na Muhammad bin Ahmad kumi katika karne moja, na mchoraji wa mtandao asiyekuwa makini atawaunganisha kuwa mtu mmoja mwenye walimu mia na safari zisizowezekana. Dalili yake hujitokeza kwenye ramani: mtu huyo huyo yuko Isfahani na Kairo katika mwezi mmoja, au anasikia kwa sheikh aliyezikwa kabla yeye hajazaliwa. Ujanja wa kunasa makosa kwa tarehe si wa leo. Wahakiki wa hadithi wa karne za mwanzo walikuwa wakimwuliza msimulizi, taratibu tu, ni mwaka gani alikutana na sheikh wake. Baadhi walitaja mwaka, wakaambiwa kwamba sheikh huyo alikwisha kufa miaka kadhaa nyuma.

Pengo jingine ni la wasiotajwa. Kamusi huandikwa na mtu wa kundi fulani kuhusu watu anaowaona wanastahili. Mwalimu wa watoto wa kitongojini hayumo, wala mwanafunzi aliyeacha masomo akawa muuza nafaka. Kutokuonekana kwa uzi hakuthibitishi kwamba uzi haukuwapo.

Njia bora ya kuipima kamusi ni kuishika pamoja na zile orodha za mahudhurio, kama ile iliyomfichua Hajjar. Ziliandikwa mwishoni au pembezoni mwa nakala za vitabu siku ile ile ya kisomo. Mwaka 1996 ulichapishwa Dameski mkusanyo mkubwa wa orodha hizo, kazi ya Stefan Leder pamoja na Yasin al-Sawwas na Mamun al-Sagharji, unaohusu miaka 550 hadi 750 ya Hijria. Mwandishi wa mahudhurio alikuwa kama karani wa mahakama. Anaandika nani alisoma, nani alisikiliza, nyumba au msikiti gani, tarehe gani. Anaandika umri wa watoto. Anaandika aliyechelewa na sehemu iliyompita, na hata aliyesinzia. Ndani yake wanaonekana mafundi, watumwa na akina mama waliokuja na wachanga, watu ambao kamusi isingewapa hata mstari.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina kamusi yake, na iliandikwa kwa Kiswahili. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya na kufariki Omani mwaka 1982, anajulikana zaidi kwa tafsiri yake ya Kurani ya 1969. Lakini kitabu chake kidogo kilichotoka Mombasa mwaka 1972, *Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika*, ndicho ambacho wanahistoria wa pwani hawawezi kukiepuka. Randall Pouwels alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1989, na Anne Bang wa Norwei alikitegemea pamoja na barua, ijaza na vitabu vya wasifu vya Hadhramaut alipoandika, mwaka 2003, kuhusu koo za wanavyuoni zilizounganisha Unguja, Ngazija, Lamu na Hadhramaut.

Mkono ule ule wa tabaqat unaonekana humo: fulani amesoma kwa fulani, amesomesha fulani, amekufa mwaka fulani. Ila mapengo yake ni tofauti kabisa na ya Dameski. Sayyid Ahmad bin Sumait alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, akasafiri hadi Hadhramaut na Istanbul, akawa kadhi wa Unguja. Sheikh Abdallah Bakathir alizaliwa Lamu mwaka 1860, akasomesha Unguja. Bakathir alimhesabu Ibn Sumait kuwa mwalimu wake, na wote wawili walifariki mwaka 1925. Mwalimu na mwanafunzi, pengo sifuri, na mwanafunzi ndiye mkubwa kwa mwaka mmoja. Hapa hakuna mtoto aliyebebwa kwa mzee wa miaka 90. Ni watu wawili wa rika moja waliofungana kwa elimu, kwa adabu na kwa udugu, na uzi kati yao ni wa kuandamana.

Farsy anahitaji kusomwa kwa tahadhari ile ile. Jina la kitabu lenyewe limeshatoa Maibadhi nje, ingawa Unguja ilikuwa na wanavyuoni wakubwa wa Kiibadhi waliokaa kiti cha ukadhi sambamba na Mashafi. Pouwels katika tafsiri yake alikiweka wazi kwenye kichwa cha kitabu kwamba ni masimulizi ya kusifu. Na mwandishi hakuwa mtazamaji wa mbali. Ibn Sumait na Bakathir walipofariki, yeye alikuwa mtoto wa miaka 13. Aliyemsomesha ni Sayyid Umar, mtoto wa Ibn Sumait, aliyefariki mwaka 1976, miaka sita tu kabla ya mwanafunzi wake. Kila anapoandika juu ya Ibn Sumait, Farsy anaandika juu ya baba wa mwalimu wake.